Tulidhani Tuna Bima

Wale mmekuwa na mimi tangu nianze kupost mnajua niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Kila wiki lazima mtu aulize nilifukuzwa ama nilijitoa, na mimi humjibu na utani tukaendelea na maisha. Leo nitajibu vizuri. Karo yangu iliungua. Sisemi mafumbo hapa. Iliungua ikiwa bado viatu.

Mathe anauza viatu vya mitumba kwa soko moja huku Eastlands. Karo ilikuwa inapatikana hivi: Desemba anakopa, ananunua magunia ya viatu vyeusi vya shule, anavisugua rangi mwezi mzima, halafu Januari shule zikifunguliwa vinaisha kama njugu. Faida ya Januari ndiyo semista yangu. Mwaka huo moto ulikuja Jumapili usiku, kati ya Krismasi na mwaka mpya, kibanda kikiwa kimejaa hadi darini. Ulianzia safu ya pili kutoka kwetu. Tulipofika saa tisa usiku, kulikuwa na mabati yamejikunja na harufu ya soli.

Kitu nakumbuka sana ni kwamba mathe hakulia. Alikaa kwa ndoo iliyopinduliwa akasema, "Wacha tu kukuche. Si tuna bima."

Na kweli kwa makaratasi ya mkopo kulikuwa na mstari umeandikwa bima, na pesa zilikuwa zimekatwa hata kabla mkopo haujaingia kwa simu. Tukaenda kwa ofisi ya wale waliomkopesha. Kijana wa huko, mpole tu, akatufungulia karatasi akatuonyesha. Bima hiyo ilikuwa ya mkopo. Mathe akifariki, ama apate ulemavu asiweze kufanya kazi, bima inamalizia deni ili wakopeshaji wasipoteze pesa yao. Viatu havikuwa ndani. Mathe alikuwa hai, kwa hivyo deni pia lilikuwa hai. Tulililipa miezi kumi na minne, na mimi nikarudi nyumbani kusaidia.

Kabla sijaendelea, kama wewe ama mzazi wako mna mkopo wa biashara, toa hiyo karatasi leo usome bima imeandikwa ya nini. Watu wengi sokoni wetu walikuwa na hiyo hiyo, na wote walidhani kama mathe.

Alipopata kibanda kingine, safu tofauti ya soko hilo hilo, nikaapa kwamba hii mara tutakuwa na bima ya ukweli. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Ilichukua miezi minne, na nimeandika hii kwa sababu hakuna mtu alituambia mapema nini hasa hao watu wa bima wanatafuta.

Kampuni ya kwanza ilitupatia fomu ya kurasa nne. Kitambulisho, PIN ya KRA, leseni ya biashara ya kaunti, hizo tulikuwa nazo. Halafu maswali yakaanza kuwa ya ajabu. Kuta zimejengwa na nini? Paa ni ya nini? Jirani wa kushoto anafanya biashara gani? Wa kulia? Wa nyuma? Stima inatoka wapi? Kuna mtu anapika ndani ama karibu? Umewahi kupata hasara ya moto? Kuna kampuni nyingine imewahi kukukataa? Unaweka daftari ya stoku, na usiku daftari hiyo inalala wapi?

Mathe akacheka hilo swali la mwisho. "Inalala na mimi viatu vyangu," akasema. Kumbe hapo ndipo shida yote ilikuwa, lakini nitafika huko.

Wiki moja baadaye wakatuma mkaguzi. Mzee mmoja hivi, mtaratibu, na kijitabu. Nilidhani atahesabu viatu. Viatu aliviangalia dakika mbili. Muda mwingi alikuwa anatembea safu nzima akiangalia majirani. Kushoto kwetu kuna fundi wa nguo mwenye pasi ya makaa. Nyuma kuna mama wa chapati, jiko linawaka kutoka saa kumi na moja asubuhi. Kuta zote za safu ni mbao na mabati, na kati ya kibanda na kibanda hakuna ukuta, ni ubao mmoja mnatumia nyinyi wawili. Akainua macho akaona waya. Stima ya soko letu inatoka kwa mita moja iliyo mbele, halafu kila mtu anamvutia mwenzake kwa waya mwembamba. Sambaza, kwa jina la mtaani. Akaandika tu. Hakusema kitu.

Tulikataliwa kwa ujumbe mfupi. Niliudhika, nikamtafuta huyo mzee kwa simu, na kwa bahati nzuri alikubali kunieleza. Sikumrekodi, kwa hivyo nitaeleza kwa maneno yangu.

Chukua duka la mawe kando ya barabara. Likishika moto, kampuni ya bima inalipa duka moja. Sasa chukua soko letu. Tuseme lina vibanda mia nne, kila kimoja kina mali ya shilingi 300,000, na wote wamekuja kwa kampuni moja. Kila mtu analipa 7,500 kwa mwaka. Kampuni imekusanya milioni 3. Lakini moto wa soko hauchomi kibanda kimoja. Ukianza saa saba usiku na upepo uko, unakula safu zote, na hesabu ya kulipa ni milioni 120. Kampuni ingehitaji kukusanya pesa zetu miaka arobaini bila moto hata mmoja ndio itoshee usiku mmoja. Na sokoni kwetu moto hausubiri miaka arobaini. Gikomba, kila mtu Nairobi anajua, imeungua mara nyingi hadi watu wameacha kuhesabu, na ule wa Juni 2018 uliua watu kumi na watano.

Kwa hivyo wanapokukataa si lazima wewe ndio mchafu. Wanaangalia kila mtu anayeweza kukuchoma. Hiyo ilinikalia kichwani. Mathe angeweza kuwa na daftari safi, leseni, mtungi wa kuzima moto, kila kitu, na bado hatima yake iko kwa pasi ya makaa ya jirani. Tena kampuni zingine zina kikomo kwa soko moja. Wakishaandikisha idadi fulani ya vibanda hapo, wanafunga mlango, hata ukija na pesa mkononi.

Hapo ndipo nilielewa pia kwa nini wale wa vibanda vya kando ya barabara wana shida mara mbili. Kibanda kilichokaa kwa ardhi ya barabara, kanjo wanaweza kukibomoa Jumanne yoyote, na bima ya kawaida hailipi mali iliyobomolewa ama kuchukuliwa na serikali. Kwa jengo lenyewe, utaulizwa ni lako kwa karatasi gani. Barua ya kupewa nafasi na kaunti? Mkataba wa kukodi? Kama unakodi, jengo ni la mwenyewe, wewe unakatia bima mali iliyo ndani pekee. Mathe anakodi, na alikuwa na risiti za kila mwezi, kwa hivyo hiyo haikutusumbua. Lakini wengi hulipa kodi mkononi bila hata kipande cha karatasi.

Sasa turudi kwa daftari.

Kampuni ya pili haikukataa. Ajenti wake alikuwa dada mmoja mkali kidogo, lakini alijua kazi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, kibanda kikiungua leo usiku, kesho utanionyesha nini?" Mathe akamwambia atamwonyesha majivu. Dada akasema majivu ya viatu vya elfu kumi na majivu ya viatu vya laki tatu yanafanana. Mpima hasara akija baada ya moto, kazi yake ni kujua kulikuwa na nini kabla, na hawezi kulipa kwa kukuamini tu. Ndiyo maana fomu inauliza daftari inalala wapi. Daftari inayolala kibandani inaungua na mali inayoieleza. Ile ya mathe ya zamani, miaka sita ya hesabu, iliungua na viatu.

Na kusema ukweli hata kama isingeungua, ilikuwa na shida. Iliandika mauzo na madeni. Haikuandika kilichobaki. Mtu wa bima anataka kujua tarehe fulani kulikuwa na jozi ngapi na zilinunuliwa kwa bei gani. Bei ya kununua, si ya kuuza. Hapo pia mathe aligombana na yule dada. Kiatu amenunua 350, anauza 800, yeye anasema kimepotea cha 800. Lakini bima ya mali inakurudisha pale ulipokuwa, haikulipi faida ambayo hujapata. Faida ina bima yake, na hiyo ni ya watu wenye vitabu vya mahesabu vilivyokaguliwa. Tuliacha hapo.

Mitumba ina ugumu wake tena. Gunia unanunua bei moja, ukifungua ndani kuna kamera, zile jozi safi za kuchaguliwa kwanza, na kuna zile za kutupa. Hakuna risiti inasema kila jozi ni pesa ngapi. Dada akatuonyesha njia: gawanya bei ya gunia kwa idadi ya jozi zilizouzika, ongeza nauli na rangi, hiyo ndiyo bei yako ya kila jozi. Kwa mfano gunia la 21,000 lenye jozi 70 nzuri ni 300 kila moja, ukiweka nauli na gharama zingine inafika 350. Andika hivyo kila gunia, na uweke risiti ya aliyekuuzia. Kama hakupi risiti, lipa kwa M-Pesa ndio ujumbe ubaki, na uandike kwa daftari ni gunia la nini.

Tangu hapo kila Jumapili jioni mimi na mathe tunahesabu. Inachukua kama saa moja na nusu. Nampiga picha kila rafu, nampiga picha ukurasa wa daftari, zote zinaenda kwa WhatsApp ya shangazi yangu huko Machakos. Yeye hana haja na viatu, lakini simu yake haiwezi kuungua na kibanda chetu siku moja. Hizo video zangu mnaziona za "hesabu ya Jumapili" mlidhani ni kontenti tu.

Tulihesabu mara nane ndio tukajua stoku inapanda hadi ngapi. Wiki za kawaida ni kama 220,000. Mwisho wa Desemba inafika 300,000 na zaidi kidogo. Mathe akasema basi tukate bima ya 150,000, si bora tupate kitu. Mimi pia niliona ni sawa. Nusu ya mali, nusu ya pesa. Dada akakataa kuandika kabla hajatuhesabia, na hii ndiyo sehemu nataka msome polepole.

Tuseme una mali ya 300,000, umekatia bima ya 150,000. Moto unakuja lakini unazimwa mapema, umeharibu mali ya 100,000. Wewe unajiambia 100,000 ni chini ya 150,000, kwa hivyo nitalipwa yote. Hapana. Kampuni inasema ulikatia bima nusu ya mali, kwa hivyo nusu nyingine ulikuwa umejibebea mwenyewe, na kila hasara tunagawana hivyo hivyo. Inalipa nusu ya 100,000, yaani 50,000. Halafu kuna kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema mwenye mali atajibebea kila mara. Kwetu ilikuwa asilimia 10 ya hasara inayolipwa, isipungue 5,000. Toa hiyo 5,000. Mkononi unabaki na 45,000 kwa hasara ya laki moja.

Kumbe ndivyo ilivyomwendea baba mmoja wa safu ya mbele, anauza suruali. Yeye alikuwa na bima ya ukweli kabla ya sisi wote. Alilipwa chini ya nusu ya alichopoteza, na mpaka leo anaambia soko lote kwamba bima ni wezi. Nilipoenda kumuuliza alinionyesha barua. Alikuwa amekatia bima ya stoku ya mwaka aliofungua, na biashara ikakua, na kila mwaka alikuwa analipa tu bila kubadilisha kiasi. Hakuna mtu alimwibia. Lakini pia hakuna mtu alimwambia, na barua yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani. Sijui ningemlaumu vipi kwa kukasirika.

Tulikubaliana 300,000. Halafu ikaja swali la umewahi kupata hasara ya moto. Rafiki yangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, aliniambia niandike hapana, kwani nani atajua, tuko kibanda kipya na kampuni mpya. Nilifikiria usiku mzima. Niliogopa kukataliwa tena. Lakini hilo swali liko hapo kwa sababu wanalitegemea kuamua bei, na ukidanganya wanaweza kukataa kulipa siku ya msiba, hata kama uongo wako hauhusiani na moto wenyewe. Utakuwa umelipa miaka mitano ya bure. Tukaandika ndiyo, na mwaka, na chanzo kama zimamoto walivyosema. Hawakutukataa. Walitupatia masharti: tuondoe waya wa sambaza, tuwe na mtungi wa kuzima moto wa poda wa kilo 6 uliokaguliwa, na usiku kusiwe na moto wowote ndani ya kibanda.

Waya ndio ulitutoa jasho, kwa sababu si wa mathe peke yake. Alizungumza na fundi wa nguo na mama wa chapati na wengine wanne. Walichanga, wakaleta fundi wa stima mwenye leseni, wakawekewa laini ya kueleweka na swichi kubwa moja ya kuzima jioni. Mama wa chapati alisogeza jiko lake hadi mwisho wa safu penye ukuta wa mawe. Hiyo ilikuwa wiki tatu za siasa, nitawaandikia siku nyingine.

Bei sasa. Dada alipiga asilimia 1.5 ya 300,000, ambayo ni 4,500. Nikafurahi. Halafu akasema kampuni ina kiwango cha chini, 7,500, kwa sababu kumtuma mkaguzi na kuandika mkataba inagharimu sawa kwa kibanda na kwa duka la milioni mbili. Juu yake kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, na shilingi 40 za stempu. Jumla 7,573 na senti. Kwa mwenye duka la milioni mbili, asilimia 1.5 ni asilimia 1.5. Kwa mathe ikawa 2.5. Mdogo analipa zaidi kwa kila shilingi, na hapo sijapata mtu wa kunieleza vinginevyo. Kuna kanuni za bima ndogo ndogo za mwaka 2020 zilizolenga kusaidia watu kama sisi, lakini zile nilizokutana nazo kwa simu nyingi ni za hospitali na mazishi.

Tulilipa moja kwa moja kwa namba ya kampuni, si kwa simu ya ajenti, hata kama tulimpenda. Sheria hairuhusu kampuni kuanza kukubeba kabla malipo hayajaingia, kwa hivyo ukimpa mtu pesa Ijumaa aende nazo Jumatatu, wikendi uko peke yako. Na kabla hujalipa, angalia kama kampuni na ajenti wako kwa orodha ya IRA ya mwaka huo.

Tuna mkataba sasa. Najua pia usichofanya. Wizi tuliuacha, kwa sababu bima ya wizi inataka dalili za kuvunja kwa nguvu, na mbao za mathe mtu anaweza kuzitenganisha kwa mkono na kuzirudisha. Viatu vya mezani nje havihesabiki kabisa. Ghasia za kisiasa ni nyongeza ya kulipia kando kwa mkataba wetu, na baada ya tulichoona tarehe 25 Juni, 2024 na tena 2025, nilitaka tuiongeze. Mathe alikataa. Alisema siku ya maandamano yeye hubeba viatu vyake nyumbani kwa mkokoteni, na mkokoteni ni mia tatu.

Mwezi ujao tunafanya upya. Jumapili iliyopita tulihesabu tukapata 372,000, kwa sababu ameanza kuweka raba za watoto. Nimemwambia lazima tupandishe kiasi tuandike laki nne. Amenitazama na miwani yake ya kushonea, daftari mapajani.

"Na Desemba tukiongeza za shule itakuwa ngapi?"

Nikamwambia labda laki nne na nusu.

"Basi andika nne na nusu. Lakini hizo pesa za juu utatoa kwa video zako."